Kuufundisha upya mlisho wa simu yako: hotuba kwa vijana na wazazi wa Makadara

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo. Nimeombwa nizungumze kuhusu simu, na simu ni jambo pana mno, kwa hivyo nitalibana. Nitauzungumzia zaidi ukurasa mmoja tu, ule unaofunguka ukigusa alama ya YouTube, pamoja na swali ambalo wanafunzi wangu wa kompyuta huniuliza kuliko jingine lolote: "Mwalimu, nimechoka na video hizi, mbona haziondoki?" Kwa mmoja ni siasa za matusi. Kwa mwingine ni dawa za kupunguza mwili. Leo nimechagua kamari, kwa sababu mitaa yetu hii ya Eastlands inaijua vizuri, na kwa sababu kijana mmoja mwendesha boda wa steji ya hapa karibu ameniruhusu niwasimulie yaliyompata, mradi nisimtaje jina.

Kijana huyu aliamua kuacha kubeti. Alifuta programu zote za kubeti kwenye simu, akatoka kwenye makundi ya WhatsApp ya mikeka, akamwambia mkewe. Hayo yote aliyafanya vizuri. Lakini kila alipokaa kwenye pikipiki kusubiri abiria na kufungua YouTube, walikuwa wakimsubiri: mtabiri wa mechi anayeonyesha mkeka wa wikendi, kijana anayehesabu noti alizodai kushinda kwenye Aviator, mwingine anayeahidi "sure odds" za leo usiku. Akagusa nukta tatu kando ya video, akachagua "Not interested". Kesho yake wamerudi, sura tofauti, maneno yale yale. Akagusa tena. Baada ya muda akaniambia kwamba kitufe kile ni cha kudanganya watu, hakifanyi kazi.

Nilimwambia kinafanya kazi, lakini ni kitufe chepesi, na alikuwa anakitumia peke yake. Ndilo jambo ninalotaka mlielewe leo, na nitaomba subira yenu nilieleze vizuri kabla hatujafika kwenye kubonyeza.

Mwaka 2016 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya jinsi YouTube inavyochagua video za kukupendekezea. Kazi ile ina hatua mbili. Kwanza mfumo unachota video mia kadhaa kati ya mamilioni, ukiangalia uliyoyatazama na uliyoyatafuta, na pia watu wengine waliotazama kama wewe walitazama nini tena. Halafu unazipanga hizo mia kadhaa, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kukadiria utaitazama kila moja kwa muda gani. Wahandisi wenyewe waliandika wazi kwamba kuufundisha mfumo walitegemea utazamaji wenyewe, na si vidole vya kupenda na kutopenda, kwa sababu wanaobonyeza vidole ni wachache mno ukilinganisha na wanaotazama. Mfumo umebadilika tangu wakati huo na kuongezewa mambo mengi, yakiwemo maswali mafupi wanayokuuliza kama video ilikuridhisha. Hata hivyo, historia yako ya kutazama imebaki kuwa mzizi.

Fikirieni mama mboga mnayenunua kwake kila jioni. Hakuulizi unapenda nini. Amekuona siku zote ukichukua sukuma, basi anakutengea sukuma. Ukimwambia leo tu "sitaki sukuma", kesho atakutengea tena, kwa maana mazoea yako ya miezi yana uzito kuliko neno la jioni moja. Huyu kijana alikuwa na miezi mingi ya mikeka nyuma yake, na alikuwa anapingana nayo kwa neno moja moja.

Je, neno hilo lina uzito kiasi gani? Hapa tuna bahati, kwa sababu kuna waliopima. Mwaka 2022 shirika la Mozilla, wale wanaotengeneza brauza ya Firefox, walitoa utafiti uliotumia watu 22,722 waliojitolea kuweka kifaa maalumu kwenye brauza zao. Wengine walipewa kitufe kilichotuma ujumbe wa kweli kwa YouTube, wengine kitufe ambacho hakikutuma chochote, kisha yakalinganishwa mapendekezo mabaya waliyopata baadaye. "Not interested" ilizuia asilimia 11 ya mapendekezo mabaya. Kidole cha chini, "Dislike", kilizuia asilimia 12. Kuiondoa video kwenye historia ya kutazama kulizuia asilimia 29. Na "Don't recommend channel", yaani usinipendekezee chaneli hii, kulizuia asilimia 43.

Ule ulikuwa utafiti wa kompyuta za mezani na wa wakati wake, kwa hivyo msizichukue tarakimu hizo kama ahadi kwa simu yako ya leo. Ninachotaka mbebe ni mpangilio wake. Kitufe ambacho watu wengi hukifikia kwanza ndicho dhaifu kuliko vyote vinne. Kufunga chaneli na kufuta historia kuna nguvu zaidi, ila watu wengi hawafiki huko, na vyote vikitumika kimoja kimoja havimalizi tatizo. YouTube nao walijibu kwamba vitufe vyao havikukusudiwa kufungia nje mada nzima au mtazamo mzima. Kwa hivyo ukibonyeza "Not interested" kwenye video ya mkeka, umekataa video hiyo na kutoa dokezo kuhusu zinazofanana nayo. Hujasema "sitaki kamari". YouTube haina kitufe cha kusema hivyo.

Sasa tulivyofanya.

Kabla ya kugusa chochote tulipima. Nilimwomba afungue ukurasa wa mwanzo, auburute chini ujirudishe upya, kisha ahesabu video ishirini za kwanza na aandike ni ngapi zinahusu kubeti. Zilikuwa kumi na moja. Nilisisitiza aandike, kwa sababu macho yetu hudanganya: mtu aliyechoka na kitu akikiona mara tatu huhisi amekiona mara kumi, na asipoandika hawezi kujua kama anasonga mbele au amesimama pale pale.

Kisha tukaenda kwenye historia. Kwenye programu ya YouTube, gusa "You" pale chini kulia, utaona sehemu ya "History", ifungue yote. Juu kuna mahali pa kutafuta ndani ya historia yako mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipo. Tuliandika neno moja moja: odds, jackpot, prediction, mkeka, aviator. Kila neno lilileta mafungu ya video alizotazama, nyingine akiwa amezisahau kabisa. Kando ya kila video kuna nukta tatu, na ndani yake "Remove from watch history". Aliziondoa moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha vidole. Mimi naipenda hivyo hivyo ilivyo, kwa sababu mtu anayapitia macho kwa macho mambo yaliyokuwa yakimla usiku.

Watu wengi huishia hapo, na nusu ya mizizi inabaki ardhini. Historia ya kutafuta ni kitu kingine, tofauti na ya kutazama. Yale maneno uliyoyaandika kwenye sanduku la kutafutia, "today sure predictions" na mengine, yanahifadhiwa kivyake na yanahesabiwa kwenye mapendekezo. Ukiwa kwenye "History", gusa nukta tatu za juu, chagua "Manage all history". Hapo utaona orodha ya ulichotazama na ulichotafuta kwa tarehe, kila kimoja na alama ya kufutia. Unaweza kufika huko pia kwa brauza, kwenye myactivity.google.com. Kijana wetu alikuta maneno ya kutafuta mikeka mengi sana, karibu yote ya Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi, kabla ya mechi. Yakafutwa.

Halafu kuna mambo matatu ambayo kufuta historia hakuyagusi: chaneli ulizosabskraibu, video ulizoziwekea kidole cha juu, na orodha za kucheza ulizojitengenezea. Hizo zinabaki, na zinaendelea kukusemea. Alikuwa amesabskraibu watabiri wanne. Akajiondoa kwa wote. Kwenye orodha ya "Liked videos" kulikuwa na video za ushindi wa jackpot, akatoa vidole vyake.

Baada ya kusafisha ya nyuma ndipo tulipokwenda kwenye ukurasa wa mwanzo kuyakabili ya mbele. Kanuni niliyompa hapo ilikuwa rahisi. Video ya mkeka kutoka chaneli ambayo kazi yake ni mikeka tu: nukta tatu, "Don't recommend channel", bila kufikiria mara mbili. Video ya mkeka kutoka chaneli ya kawaida, kwa mfano redio ya michezo iliyopenyeza utabiri siku moja: "Not interested", kisha ukiulizwa kwa nini, yaani "Tell us why", jibu kwamba hupendi video hiyo. Ukifunga chaneli nzima ya redio utapoteza na habari zake nyingine.

Tena, na hili nawaomba sana: fanyeni hayo bila kuifungua video. Nimeona watu wanaingia ndani ya video wanayoichukia, wanaitazama dakika tatu ili wapate hasira ya kutosha, wanaandika maoni marefu ya kumsuta mwenyewe, kisha wanabonyeza kidole cha chini. Kwa mfumo unaokadiria muda wa kutazama, huyo ni mteja mzuri. Ametoa dakika tatu na maoni. Kidole cha chini ni kidogo mno mbele ya hayo.

Baada ya kazi hii, mlisho haukubadilika papo hapo. Mambo uliyofuta huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye vifaa vyako vyote, na mapendekezo yenyewe hubadilika polepole kadiri unavyotazama mambo mengine. Alihesabu kila asubuhi kabla ya kutoka. Kumi na moja zikawa saba, kisha nne, kisha mbili. Palipokuwa na mikeka pakaanza kuonekana video za kurekebisha kabureta na kubadilisha mnyororo, ambazo alikuwa akizitazama miaka yote lakini zilikuwa zimefunikwa.

Jumapili moja akanipigia. Amehesabu saba tena. Alikuwa amevunjika moyo, na nilimwelewa.

Tulifungua historia yake pamoja tuone Jumamosi kulitokea nini, na jibu lilikuwa limeandikwa pale. Jioni alitazama marudio ya magoli ya Ligi Kuu ya Uingereza. Hakuna ubaya. Lakini "Autoplay" ilikuwa imewashwa. Magoli yalipoisha, video nyingine ikajianzisha yenyewe: uchambuzi wa mechi za Jumapili. Ikaisha, ikaja ya tatu: utabiri wenye mikeka. Yeye simu ilikuwa mezani, anakula na familia. Historia iliandika kwamba ametazama utabiri huo dakika kumi na kitu. Mfumo haujui kwamba alikuwa anakula.

Hapa kuna jambo la ndani kidogo. Kumbukeni nilisema mfumo unaangalia pia watu waliotazama kama wewe. Wanaotazama marudio ya magoli, wengi wao hutazama na mikeka. Kwa hivyo mpira na kamari zimekaa jirani ndani ya hesabu zile, na mtu akigusa moja, nyingine inasogea karibu, hata kama historia yake ya kamari imefutwa yote. Ndiyo sababu mtu anayeacha kubeti lakini anaendelea kupenda mpira atahitaji kulinda mpaka huo mmoja kwa makini kuliko mwingine wowote. Akina mama, hali ni hiyo hiyo kwa mapishi na dawa za kupunguza tumbo, na kwa malezi ya mtoto na chaneli za kutisha kuhusu magonjwa. Tafuteni jirani wa kile mnachokikataa. Mlango uko hapo.

Hatukumkataza mpira. Tulifanya hivi: tulizima "Autoplay", ile swichi ndogo inayoonekana juu ya video inapocheza. Tulizima pia uchezaji wa video ndani ya ukurasa wa mwanzo. Labda mmeona video ikianza kusogea bila sauti unapoipitia tu kwa kidole. Ukiiacha icheze hivyo inaweza kuingia kwenye historia yako. Kwenye "Settings" kuna "Playback in feeds", iweke "Off". Itakuokolea na bando. Kisha akasabskraibu chaneli rasmi za mpira anazozipenda, akawa akitaka magoli anakwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Subscriptions", asipitie ukurasa wa mwanzo siku za mechi. Na akitaka kusikiliza uchambuzi wa mtu asiyemjua, anagusa picha ya akaunti yake na kuwasha "Incognito", ambako anachotazama hakihifadhiwi kwenye historia ya akaunti yake. Aliondoa zile video za Jumamosi, akaendelea kuhesabu. Ilishuka tena, na safari hii ikakaa chini.

Sijui kama mmegundua kwamba hatukufuta historia yote. Kitufe kipo: "Clear all watch history". Watu wengi huniuliza kwa nini nisiwaelekeze huko moja kwa moja, waanze upya wakiwa safi. Kwa huyu kijana ingekuwa hasara, kwa sababu ndani ya historia ile kulikuwa na miaka ya ufundi wa pikipiki unaomsaidia kazini. Ukifuta yote, mfumo hauna cha kushika, basi unaangalia vitu vingine kama mahali ulipo na yanayopendwa na wengi. Na Nairobi, yanayopendwa na wengi ni pamoja na yale unayoyakimbia. Nimeona mtu akifuta yote usiku na asubuhi anakutana na siasa na mikeka ya kila aina, kisha kwa haraka anagusa moja mbili kwa udadisi, na hizo mbili ndizo historia yake yote. Sasa zina uzito mkubwa kuliko zamani.

Kufuta yote kunafaa pale ambapo historia nzima si yako: simu iliyokuwa ya mtu mwingine na akaunti ikabaki, au akaunti ambayo nyumba nzima imeitumia mpaka hakuna anayejua nani alitazama nini. Ukifanya hivyo, siku za mwanzo usiguse mapendekezo kabisa. Andika mwenyewe kwenye sanduku la kutafutia yale unayoyataka, uyatazame mpaka mwisho, usabskraibu. Unaujengea msingi kwa mkono wako.

Kuna na njia ya tatu, ambayo kwa mtu aliyeumizwa sana na kamari ningeipendekeza kabla ya nyingine zote. Tangu Agosti 2023, ukizima historia ya kutazama na huna historia ya maana iliyobaki, YouTube haikupi mapendekezo kwenye ukurasa wa mwanzo. Unakuta sanduku la kutafutia na ukurasa mtupu. Kwenye "Manage all history", nenda kwenye "Controls" uzime, kisha ufute ya nyuma. Hutaonyeshwa cha kukutega kwenye ukurasa ule. Utapoteza urahisi wa kuletewa vitu vizuri usivyovijua, na itabidi utafute kila kitu mwenyewe. Kwa mtu ambaye akiona mkeka mmoja mkono unamwasha, bei hiyo ni ndogo.

Wazazi, neno moja kuhusu televisheni. Kama umeingiza akaunti yako kwenye televisheni ya sebuleni, kila kinachotazamwa pale kinaandikwa kwako, na mlisho wa simu yako unakifuata. Mzee mmoja wa kanisa alinijia na aibu kubwa kwa sababu ya vitu vilivyokuwa vikimtokea kwenye simu, na havikuwa vyake hata kidogo: wapwa zake walikuwa wamekaa kwake likizo nzima wakitazama sebuleni. Ukifuta kwenye simu na televisheni ikaendelea kuandika, hutamaliza. Mwekee kila mtu akaunti yake pale, au usimamishe historia wageni wakiwapo.

Nilisema YouTube haina kitufe cha kunyamazisha mada. Mitandao mingine inacho, angalau kwa njia ya maneno, na hapa sisi tunaoandika Kiswahili tuna shughuli ya ziada. Kwenye X, nenda "Settings and privacy", kisha "Privacy and safety", kisha "Mute and block", utaona "Muted words". Unaandika neno, unachagua kama lizuiwe kutoka kwa kila mtu au kwa wale usiowafuata tu, na kwa muda gani: saa 24, siku 7, siku 30, au daima. Ukinyamazisha neno, hashitegi yake nayo inanyamazishwa. Ukinyamazisha hashitegi peke yake, neno tupu linabaki.

Lakini kichujio kile kinatafuta neno zima. Anayeandika Kiingereza akinyamazisha betting, amemaliza sehemu kubwa ya kazi. Sisi ukinyamazisha "beti", unakamata "beti" tu. "Kubeti" inapita. "Nimebeti" inapita. "Wanabeti", "tubeti", "amebeti", zote zinapita, kwa sababu kwetu mwanzo wa neno hubadilika kila mara. Kwa hivyo kaa na orodha: andika kubeti, nimebeti, umebeti, tunabeti, mkeka na mikeka, kisha yale ya Kiingereza, odds, jackpot, tips, kisha majina ya michezo yenyewe. Ongeza kila unapoona jipya limepenya. Wanaouza mikeka wanalijua hili, na wengine huandika tarakimu ndani ya neno ili kupenya, kama b3t. Hilo nalo liandike.

TikTok ina kitu cha namna hiyo: kwenye "Settings and privacy", fungua "Content preferences", kuna "Filter keywords". Msitegemee kwamba kitamsikia mtu anayetaja mkeka kwa mdomo kwenye video ambayo hakuandika neno hilo popote. Video ikipenya, shikilia kidole juu yake mara tu unapoitambua, uchague "Not interested", usisubiri iishe. Humo humo kwenye "Content preferences" kuna "Refresh your For You feed", inayoanzisha mlisho upya kabisa. Instagram nayo ilileta ya kwake mwishoni mwa 2024, inaitwa "Reset suggested content". Yote niliyosema kuhusu kufuta yote yanahusu na hizi: mara tu baada ya kubonyeza, vidole vyako vya siku chache zinazofuata ndivyo vitakavyoamua.

Limebaki la matangazo, na ninalitenga kwa sababu linawachanganya wengi. Video inayopendekezwa na tangazo lililolipiwa huja kwa njia mbili tofauti. Kijana wetu alipofika kwenye video mbili kati ya ishirini, bado alikuwa anaona kamari kabla ya video za pikipiki kuanza. Yalikuwa matangazo, na kufuta historia peke yake hakukuyaondoa. Kwa hayo nenda myadcenter.google.com ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, tafuta sehemu ya mada nyeti. Humo kuna kamari, pombe, uchumba, kupunguza uzito, na mimba na malezi, na kila moja unaweza kuiwekea kikomo. Ukifanya hivyo yanapungua, si kwamba yanaisha. Mwezi Aprili 2025 bodi ya serikali ya kudhibiti kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Agizo la namna hiyo lina kazi yake, lakini siku zake zikiisha, kikomo ulichojiwekea kwenye akaunti yako bado kipo.

Na haya yote hayafungi tovuti ya kubeti. Mwenye simu akiiandika anwani, itafunguka. Tulichokifanya ni kuondoa yule anayekuita jina lako kila unapopita. Kwa ndugu aliyezama zaidi, anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na mke au rafiki wa kushika pesa kwa muda. Kijana wetu alikuwa na mkewe tangu mwanzo, na nadhani hilo lilimsaidia kuliko kitufe chochote nilichomwonyesha.

Nitakaa kwenye meza ile ya dirishani mpaka saa kumi na moja. Anayetaka tufanye pamoja aje na simu yenye chaji, na akumbuke nywila ya akaunti yake ya Google, maana wakati mwingine huulizwa kabla ya kufuta. Tutaanza na kuhesabu ishirini za kwanza. Simu utaishika mwenyewe, na historia yako utaisoma wewe. Mimi nitakaa upande wa pili nikuelekeze pa kugusa.